Mstari wa Tatu Chini ya Lugha

Mama Chiriku alikaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya mashine ya fotokopi, akimtazama wifi yake anavyousoma wasifu wake. Wifi alikuwa ameushika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeletewa gauni lililokatwa vibaya na kuambiwa alishone hivyo hivyo.

"Nani amekuandikia hii?"

"Nimeandika mwenyewe, kwenye simu. Unajaza tu, inajipanga yenyewe."

"Inaonekana imejipanga yenyewe."

Wifi alikuwa dada wa mumewe. Alikuwa na duka dogo la steshenari karibu na ofisi za serikali, na kwa miaka minane alikuwa amechapa barua za maombi, mikataba ya kupangisha na wasifu za watu wengi kuliko alivyoweza kukumbuka. Mdomo wake haukuwa na breki. Lakini ni yeye aliyelikata tangazo la kazi gazetini na kulipeleka nyumbani kwa kaka yake bila kuombwa: hospitali ilikuwa inatafuta fundi wa maabara.

Mama Chiriku alikuwa fundi wa maabara kwa miaka kumi na mitatu, mpaka alipoacha kazi ili kumuuguza binti yake. Binti alifariki akiwa na miaka kumi na minne. Tangu siku hiyo ilikuwa imepita miaka miwili, na mama hakuwa amerudi kazini. Asubuhi alifagia, mchana alilala, jioni alifagia tena.

"Sogea uone," Wifi alisema, akaiweka karatasi mezani. Upande wa kushoto palikuwa na ukanda wa bluu wenye neno UJUZI, na chini yake vitu kumi na kimoja vimepangwa kama vilivyokuja, kila kimoja na nyota zake. Darubini nyota nne. Uvumilivu nyota tano. Kiingereza nyota tatu. Kutoa damu nyota tano. Usafi nyota nne.

"Usafi nyota nne," Wifi alisoma. "Hiyo moja iliyobaki ni uchafu gani?"

Mama Chiriku alicheka. Kisha akanyamaza ghafla na kuangalia mlangoni, kama mtu aliyecheka msibani.

Wifi alijifanya hakuona. Alivuta kibodi. "Nyota hizi nani kakupa? Umejipa mwenyewe. Nne kati ya tano maana yake nini? Unamzidi nani, umepungukiwa nini? Mkuu wa maabara akisoma hapa hajui kama anaweza kukuacha peke yako na darubini au la. Halafu ofisi nyingine siku hizi wanapokea maombi kwa kompyuta, na kompyuta inasoma maneno. Nyota inaziona kama takataka, au haizioni kabisa. Na hiyo tatu ya Kiingereza, unajua mtu anasoma nini? Anasoma umefeli nusu."

"Basi niandike nini?"

"Tuvitenganishe kwanza. Huwezi kuweka darubini na uvumilivu kwenye chungu kimoja."

Alichapa vichwa vitatu kwenye ukurasa mweupe: Ujuzi wa kitaalamu. Stadi za kufanya kazi na watu. Lugha. Akaanza na cha kwanza kwa sababu ndicho tangazo lilichokitaka kwanza, na akawa anauliza kama polisi. Umepima nini? Kwa miaka mingapi? Ulikuwa unasimamiwa au unajitegemea? Umewahi kumfundisha mwingine? Mara ya mwisho lini?

Mwanzoni Mama Chiriku alijibu kwa sauti ya chini. Kadiri maswali yalivyoendelea, mgongo wake ulinyooka. Vimelea vya malaria kwa darubini: kuandaa slaidi, kutia rangi, kusoma na kuhesabu, miaka kumi na mitatu, kwa kujitegemea, na alifundisha wanafunzi wa mazoezi watano. Kutoa damu kwenye mshipa, watu wazima na watoto wachanga, kwa kujitegemea. Makundi ya damu na kulinganisha damu kabla ya kuongezewa mgonjwa, kwa kujitegemea.

"Mashine ya kuhesabu chembe za damu?"

"Hiyo ililetwa mwaka wangu wa mwisho. Niliitumia miezi sita, mwenzangu akiwa pembeni."

"Tunaandika hivyo hivyo. Miezi sita, kwa kusimamiwa."

"Si wataona sijui?"

"Wataona unasema kweli. Ukiandika unajua, siku ya kwanza wakakuweka mbele yake, utafanya nini? Utaisalimia?"

Waliandika pia kwamba kazi hizo zote alizifanya mara ya mwisho miaka mitatu iliyopita, na kwamba leseni yake bado ilikuwa hai, kwa maana mumewe alikuwa ameilipia kila mwaka bila kusema neno.

Kichwa cha pili kilikuwa kifupi. Wifi alikataa uvumilivu, alikataa uchapakazi, alikataa "kufanya kazi chini ya shinikizo". "Hivi havipimwi hata kwa rula," alisema. "Kila mtu ni mvumilivu kwenye karatasi. Niambie ulichofanya." Wakabakiza viwili tu. Kwamba aliwatuliza watoto kabla ya kuwatoa damu, mpaka wodi ya watoto ikawa inamwita yeye kwa jina. Na kwamba alipokuta majibu mawili yamebadilishana, alimpigia daktari simu palepale, akakiri, akarudia vipimo kabla mgonjwa hajapewa dawa.

Kisha wakafika kwenye lugha. Kiswahili: lugha ya kwanza. Kiingereza: anasoma na kuandika ripoti za maabara bila msaada, anaelewa mazungumzo ya kazini, anaongea polepole.

Vidole vya Wifi havikusimama. Vilishuka mstari wa tatu, vikachapa: Lugha ya alama.

"Futa," Mama Chiriku alisema.

"Sikiliza kwanza. Hospitali nzima pengine hakuna..."

"Nimesema futa!"

Mteja aliyekuwa anasubiri kutoa nakala ya cheti aligeuka kutazama mashine, akazisoma nambari zake kwa makini sana.

"Ile si ujuzi," Mama Chiriku alisema, sasa kwa sauti ndogo. "Ile ni mwanangu."

Wifi alifuta. Alichapisha kurasa mbili, akazitia kwenye bahasha, akamkabidhi.

*

Binti alipewa jina la Chiriku na baba yake alipokuwa na miaka miwili, kwa sababu alikuwa haufungi mdomo kuanzia anapoamka. Alipofika miaka mitatu alipata homa ya uti wa mgongo. Alipona, lakini masikio hayakupona. Maneno aliyokuwa nayo yalipotea moja moja, kama meno ya utotoni, mpaka nyumba ikawa kimya.

Mama alianza kumpeleka katika shule ya watoto viziwi, na kila Jumamosi mwalimu aliwafundisha wazazi. Mama hakukosa Jumamosi hata moja, isipokuwa akiwa zamu. Miaka ilivyokwenda, mikono ya Chiriku ilianza kupiga domo kama ulimi wake wa zamani. Alisimulia ugomvi wa darasani, alimwigiza mwalimu mkuu anavyotembea, alinuna kwa mikono, na mama alimjibu kwa mikono, sufuria likiungua jikoni.

Baba Chiriku alikuwa fundi cherehani. Vidole vyake viliweza kutia uzi kwenye sindano bila kuangalia. Jumamosi, hata hivyo, ndiyo siku watu wanayochukulia nguo zao, na yeye alisema atajifunza kidogo kidogo kwa mkewe. Alijifunza chakula, njoo, lala, shule, nakupenda. Mengine yote alikuwa akimtazama mke wake atafsiri. Na Chiriku alipomwongelesha wakiwa wawili tu, aliitikia kwa kichwa na kutabasamu, kana kwamba ameelewa.

*

Ilikuwa Jumapili asubuhi, siku tatu baada ya safari ya dukani kwa Wifi. Mama Chiriku alikaa mezani na zile kurasa mbili. Alikuwa amezisoma mara nyingi na kila mara macho yake yalikwama mahali pamoja, chini ya Kiingereza, pale peupe. Mtu yeyote akiusoma wasifu ule angeona mwanamke mwenye lugha mbili, aliyeacha kazi miaka mitatu bila sababu. Hakuna mahali palipoonyesha kwamba mtoto yule aliwahi kupita duniani.

Alichukua kalamu. Akaandika kwa mkono: Lugha ya alama. Kisha akaweka nukta mbili, na mkono ukasimama.

Mumewe alitoka chumbani akifunga vifungo vya shati. Alipita nyuma yake, akasoma juu ya bega lake, na hakuendelea mlangoni. Alivuta kiti.

"Mbona hujamalizia?"

"Sijui niandike kiwango gani. Dada yako anasema lazima useme unafanya nini nayo, usiseme tu unajua."

"Wewe unajua yote."

"Hakuna anayejua yote. Mimi najua ya nyumbani na ya shuleni. Ya mahakamani siyajui. Hata ya hospitali, mengi tulikuwa tunayabuni mimi na yeye."

Mumewe aliisoma karatasi. Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Mimi ungeniandika nini?"

"Wewe hutafuti kazi, Baba Chiriku."

"Najua. Ungeniandika nini?"

Mama Chiriku angeweza kumwambia neno la kumpoza. Alikuwa na mengi ya namna hiyo, wote wawili walikuwa wakiishi kwa hayo kwa miaka miwili. Lakini kalamu ilikuwa bado mkononi mwake, na pale mbele yake palikuwa na maneno *miezi sita, kwa kusimamiwa*.

"Salamu na maneno machache ya nyumbani," alisema. "Hatungi sentensi. Akiongeleshwa haraka, haelewi."

Mumewe aliitikia kwa kichwa, polepole, kama anayesomewa majibu ya vipimo ambayo alishayajua. "Ndivyo," alisema. "Hivyo hivyo."

Kisha akasema, "Kuna kitu sijawahi kukuambia."

Mama Chiriku aliiweka kalamu chini.

"Ile siku ya mwisho wodini. Ulikwenda nyumbani kufua nguo zake. Mimi nilikaa naye mchana. Aliamka akaniangalia, akaniambia kitu. Sikuelewa. Akarudia. Nikafanya kama ninavyofanya siku zote, nikaitikia kwa kichwa, nikacheka. Akanitazama hivi. Halafu akageukia ukutani. Uliporudi alikuwa hajitambui."

"Alisema nini?"

"Si ndiyo nakuambia sikuelewa! Lakini nimeushika ule mkono. Kila siku naurudia dukani kwangu, usije ukanitoka."

Aliinua mkono wake wa kulia, mkono wa fundi wenye sugu ya mkasi kwenye kidole gumba. Akagusa uso wake kwa vidole, mara mbili, kisha akafungua kiganja mbele yake.

Mama Chiriku alisimama. "Rudia."

Alirudia.

"Umegusa wapi? Kidevuni au shavuni?"

"Hapa." Vidole vyake vilitua katikati, pale shavu linapoishia na kidevu kinapoanzia.

"Vidole vilikuwa vingapi? Viwili, au vyote?"

"Viwili. Au... ule mkono ulikuwa na mrija wa dripu na plasta, vidole havikuwa vinakunjuka vizuri."

"Kiganja kilikwenda mbele au kilishuka?"

"Mke wangu, sijui." Alikuwa analia sasa, mkono bado umeinuliwa. "Niambie ni nini. Wewe ndiye mwenye lugha."

Aliushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akausogeza kidevuni mwa mumewe, kisha akausogeza shavuni. Alijaribu kumwona Chiriku ndani yake. Lakini ule ulikuwa mkono wa mtu mzima uliorudia alama ileile kwa miaka miwili bila kuijua, na kila siku pengine ulikuwa umeiongezea kidogo na kuipunguza kidogo.

"Kidevuni ni maji," alisema hatimaye. "Shavuni ni mama. Kiganja kikifunguka hivyo, anauliza iko wapi, au yuko wapi."

"Alitaka maji?"

"Kama alitaka maji, daktari alikuwa amekataza. Figo zake zilikuwa hazifanyi kazi. Hata mimi nisingempa. Hukukosea."

"Na kama ni mama?"

Nje mtu alipita akiburuta ndoo. Mama Chiriku aliisikiliza ile ndoo mpaka sauti yake ikaisha.

"Sijui," alisema. "Siwezi kukuambia najua. Sijui."

Walikaa hivyo, mkono wake ukiwa ndani ya mikono ya mkewe. Hakumuuliza tena. Baadaye kidogo alijifuta uso kwa kiwiko, akasema anakwenda kufungua duka, ingawa Jumapili huwa hafungui.

Mama Chiriku alipobaki peke yake alimalizia mstari. Aliandika polepole, akikata na kurudia, mpaka ukawa hivi: *Lugha ya alama: mazungumzo ya kila siku bila shida, kuelewa na kujibu, miaka kumi na moja, nyumbani na shuleni kwa mtoto. Sijawahi kuwa mkalimani rasmi.* Jumatatu alimpelekea Wifi. Wifi alisoma, akachapa neno kwa neno. Mwisho akaondoka nyuma ya meza, akamkumbatia, na mteja wa fotokopi akasubiri.

*

Kwenye usaili walikuwa watatu: mkuu wa maabara, matroni, na bwana mmoja wa utumishi aliyekuwa anaandika bila kuinua kichwa. Mkuu wa maabara hakumuuliza habari za malengo ya maisha. Alimsogezea darubini na slaidi mbili. Mama Chiriku alirekebisha mwanga, akatia tone la mafuta, akabadilisha lenzi. Mikono ilikumbuka kabla yake. Ya kwanza ina vimelea, alisema, akataja idadi. Ya pili haina. Hayo madoa ni rangi iliyoganda, haikuchujwa vizuri.

Mkuu alitabasamu. "Mashine yetu ya damu umeandika ulitumia miezi sita tu."

"Ndiyo. Nitahitaji wiki mbili na mtu."

"Utapewa."

Matroni alikuwa na karatasi yake mkononi. "Hapa chini, lugha ya alama. Mtoto ndiye aliyekufundisha?"

"Tulijifunza pamoja."

"Ukiwa hapa, daktari akitaka kumweleza mgonjwa kiziwi upasuaji, utaweza kumtafsiria?"

"Hapana. Naweza kumsaidia atoe sampuli na ajue majibu yanatoka lini. Upasuaji mwite mkalimani. Nikikosea neno moja pale, mtu anakubali asichokijua."

Yule bwana wa utumishi aliinua kichwa kwa mara ya kwanza.

"Wiki hii nimesoma wasifu arobaini," matroni alisema. "Kila mtu nyota tano mpaka kwenye unyenyekevu." Hakuuliza mtoto yuko wapi. Huenda aliona ile miaka mitatu mitupu, akajumlisha mwenyewe.

Walimpigia simu baada ya siku nne. Baba Chiriku alimshonea koti jeupe jipya, akamwekea mfuko wa kalamu upande anaoupenda. Alipomjaribisha alilizunguka mara mbili akitafuta kasoro, na alipoikosa akabaki amesimama tu, futi kamba imening'inia shingoni.

Wiki ya tano kazini, asubuhi, muuguzi alichungulia maabara. "Yule anayejua alama yuko wapi? Kuna mzee kiziwi pale nje, ameshatoa karatasi mbili hatuelewi anaandika nini."

Alikuwa mzee mrefu, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri, na amekasirika. Mama Chiriku alivua glavu. Alisimama mbele yake mahali penye mwanga, akainua mikono, na ilikuwa mizito kama ya mtu anayeamka. Hakuwa amemsemesha mtu kwa lugha hii tangu wodini.

Karibu, alimwambia kwa mikono. Kaa hapa. Nitachukua damu kidogo. Haiumi sana. Umekula leo?

Mzee alimtazama, hasira ikamtoka. Alijibu haraka: hajala, aliambiwa asile, tangu alfajiri anasubiri, na yule binti wa dirishani anamwongelesha kwa kupiga kelele kama vile ukuta ukipigiwa kelele unasikia. Mama Chiriku alielewa karibu yote. Alimfunga mpira mkononi, akatafuta mshipa, akatoa damu, akabandika pamba. Alipomaliza alimwambia majibu ni saa nane, asikimbie, aibane pamba, awe hodari.

Mzee alianza kucheka. Mabega yake yalitikisika bila sauti.

Nini? Mama Chiriku aliuliza kwa mikono.

Unaongea kama mtoto, mzee alimwambia. Mama mzima, lakini unaongea kama msichana wa shule. Hata unavyotupa mabega. Nani alikufundisha?

Mama Chiriku alitazama mikono yake. Hakuwahi kuijua kwa upande huo. Kila neno alilokuwa nalo alilipata kwa msichana aliyefika miaka kumi na minne na kuishia hapo, na lugha yake nayo ilikuwa imeishia hapo, na mabega yake na kununa kwake.

Binti yangu, alijibu.

Anaongea vizuri, mzee alisema. Mchangamfu, naona. Yuko wapi? Mlete siku moja anisalimie, hapa sina wa kuongea naye.

Kwa Kiswahili alishalisema neno hilo, amefariki, mara nyingi. Alilisema kwa majirani, kwa mwalimu mkuu, kwa karani wa vyeti vya vifo, mpaka neno likawa laini mdomoni. Kwa lugha hii hakuwahi. Mtu ambaye angemwambia kwa lugha hii ndiye aliyekuwa amekufa. Alama yenyewe aliijua: alimfundisha Chiriku siku alipofariki bibi yake, wakiwa wamekaa kitandani, na Chiriku aliirudia mara tatu ili aipate.

Aliinua mikono, viganja viwili, kimoja kikitazama juu na kingine chini, akavigeuza pamoja polepole.

Mzee aliacha kucheka. Alimtazama muda mrefu, kisha akaweka kiganja chake kifuani na kukiacha pale.

Muuguzi aliuliza kutoka mlangoni, "Anasemaje?"

"Anasema pole," Mama Chiriku alijibu. Akachukua kichupa cha damu, akaandika jina la mzee na saa kwenye lebo, akakipeleka kwenye mashine, ambako mwenzake alikuwa anamsubiri.